Sofa kwa awamu: kianzio kiwe shilingi ngapi?

Kwenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, mteja akiomba kulipa kidogo kidogo, mafundi wengi hupokea chochote alicho nacho mfukoni. Hasara huanzia hapo. Kianzio hupimwa kwa fedha ambayo fundi atakuwa ameshaitoa iwapo mteja hatarudi.

Tuseme seti ya sofa inauzwa shilingi 1,200,000. Fremu, yaani mbao, misumari, gundi na ufundi wake, inagharimu 400,000. Sponji, kitambaa na kazi ya kuvisha ni 500,000. Faida ni 300,000. Basi kianzio kiwe 400,000, ili fremu isimame kwa fedha ya mteja. Fremu tupu humfaa mnunuzi yeyote, lakini kitambaa cha zambarau alichokichagua mtu mmoja ni vigumu kumpata mwingine anayekitaka. Kwa hiyo kitambaa kikatwe mwisho.

Zinabaki 800,000. Kwa mwenye mshahara, awamu nne za 200,000 kila mwisho wa mwezi zinatosha. Dereva wa bodaboda anayepata fedha kila siku atalipa kwa urahisi zaidi 50,000 kwa wiki 16. Ikifika awamu ya tatu ya mwezi, fundi ameshapokea 1,000,000, nazo zinatosha gharama yote ya 900,000. Hapo ndipo anunue sponji na kukata kitambaa. Sofa itoke karakana baada ya awamu ya mwisho.

Kwa mpango huu bei isiongezwe, kwani mteja ndiye anayetanguliza fedha. Akitaka kuondoka na sofa baada ya kianzio tu, hesabu inageuka: fundi anamdai 800,000 mwezi wa kwanza, 600,000 wa pili, 400,000 wa tatu na 200,000 wa nne. Akitoza asilimia 3 ya deni la kila mwezi, nyongeza ni 60,000. Hiyo ni gharama ya kusubiri tu. Haimlindi dhidi ya mteja atakayehama mtaa na sofa.

Kanuni ya anayeshindwa kulipa iandikwe kwenye risiti ya kwanza na pande zote mbili zisaini. Akichelewa siku 7, apigiwe simu. Zikifika 30, kazi isimame. Zikifika 60, fundi auze fremu na kumrudishia mteja fedha zake baada ya kukata hasara halisi. Mteja aliyelipa 600,000, fremu yake ikauzwa 340,000, atakatwa pengo la 60,000 na, kama waliandikiana ada ya kutunza ya 20,000, atarudishiwa 520,000. Fundi anayezuia fedha zote anajilipa kwa kazi ambayo hakuifanya, na mteja huyo hatamleta jirani yake.