Tulijilaumu au Tulilaumiana?

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha kuweka na kukopa anayeandika barua ya Kiingereza kuhusu fedha zilizopotea. Anachotaka kueleza ni kwamba yeye na mhasibu walirushiana lawama, kila mmoja akimnyooshea kidole mwenzake. Anaandika: "Myself and the accountant blamed ourselves for the loss. Please reply to the chairman or myself." Anayeipokea anaelewa jambo jingine kabisa, kwamba wote wawili wamekiri kosa. Barua ya namna hiyo ikifika mbele ya mkaguzi wa hesabu, ni hatari.

Kwa Kiswahili asingeteleza, kwa sababu tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi. Tukisema tulijilaumu, "-ji-" inairudisha lawama kwetu sisi wenyewe. Tukisema tulilaumiana, "-ana" inaonyesha lawama ilikwenda ikarudi. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Kitenzi kinabaki "blamed" vilevile, na kazi yote inabebwa na neno linalofuata: "We blamed ourselves" ni tulijilaumu, na "We blamed each other" ni tulilaumiana. Badala ya "each other" unaweza kuandika "one another". Wako walimu wanaofundisha kwamba la kwanza ni la watu wawili na la pili ni la wengi, lakini waandishi wengi wazuri wa Kiingereza hawalifuati sharti hilo, na mtaalamu H. W. Fowler alilikataa katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926.

Angalia pia neno dogo linalofuata baadhi ya vitenzi. Walitazamana ni "They looked at each other". Waliandikiana ni "They wrote to each other". Hiyo "at" au "to" Kiswahili kimeshaimeza, ndiyo maana tunaisahau. Na kuna vitenzi ambavyo kwa kawaida havihitaji nyongeza yoyote: tulikutana ni "We met", walioana ni "They got married". Ukiandika "We met ourselves", umesema mlijikuta mnakutana na nafsi zenu.

Sasa "myself". Neno hili ni la lazima pale ambapo mtenda ni "I" na anayetendwa ni yuleyule, ndani ya kishazi kimoja. Nilijikata ni "I cut myself". "I cut me" haikubaliki. Lakini ukiandika "My brother said that I hurt him", anayeumizwa si mtenda wa "hurt", kwa hiyo "himself" haina nafasi hapo, ingawa kaka ndiye aliyeanza sentensi. Kazi nyingine halali ni kutilia mkazo: "I wrote it myself", yaani niliiandika mwenyewe. Hapo ukiliondoa neno hilo, sentensi bado inasimama.

Kosa kubwa la maofisini ni "myself" inayowekwa kwa heshima. Mtu alikaripiwa shuleni kwa kusema "Juma and me", akaogopa "me", kisha akashuku na "I", akakimbilia "myself" akidhani ina adabu zaidi. Dawa yake ni kumwondoa yule mwingine kwenye sentensi. "Please reply to myself" inasikika vibaya papo hapo, kwa hiyo sahihi ni "to the chairman or me". "Myself blamed" haiwezekani, kwa hiyo sahihi ni "The accountant and I". Haki isemwe: wapo Waingereza, hata waandishi wa zamani wenye sifa, walioitumia hivyo, na "people like myself" haimkeri mtu. Ila katika barua rasmi na mitihani utasahihishwa.

Mtego wa mwisho umo katika Kiswahili chetu. Si kila "-ji-" inadai "myself". Kujifunza ni "learn", kujiunga ni "join", kujiuzulu ni "resign", bila chochote cha kujirejea. Upande wa pili, nilifurahia sherehe ni "I enjoyed the party", lakini ukitaka kusema tu kwamba ulifurahi hapo, bila kutaja kilichokufurahisha, Kiingereza sanifu kinadai "I enjoyed myself". Hakuna kanuni ya kukisia hili. Kila kitenzi kijifunze pamoja na mwenzi wake, na kamusi nzuri ya wanafunzi huonyesha hivyo kwa mifano.

Barua ya katibu basi isomeke: "The accountant and I blamed each other for the loss. Please reply to the chairman or me." Kabla hujatia sahihi barua yako ya Kiingereza, tafuta kila neno linaloishia na "self" au "selves", ujiulize kama tendo kweli limemrudia aliyelitenda.