Ujumbe wa Kamati Pande Mbili Zinapovutana

Katika harusi nyingi za mijini Tanzania, upande wa binti huandaa send-off na upande wa kijana huandaa sherehe yenyewe. Ugomvi wa wageni huanzia hapo. Wa kwa kijana huona ukumbi ni wao. Wa kwa binti huhoji iweje shangazi zao wakose kadi siku ya mtoto wao.

Tuchukue ukumbi wa viti 300. Waliochanga wamepata kadi 70 za watu wawili na 60 za mtu mmoja, jumla watu 200. Meza kuu, wasimamizi na kamati ni 20. Zinabaki nafasi 80, lakini upande wa binti umeomba 70 na wa kijana 60. Watu 50 hawana pa kukaa, na kwa sahani ya shilingi 35,000 hilo ni pengo la 1,750,000 ambazo hakuna aliyeziahidi.

Ujumbe mzuri hutanguliza hesabu hiyo, ndipo uamuzi ufuate. Hausemi nani alilalamika. Katibu anaweza kuandika hivi:

“Wazazi wetu wa pande zote mbili, shikamooni. Kamati imekaa leo. Baada ya kutoa wachangiaji na meza kuu, zimebaki nafasi 80, hivyo kila upande utapata 40. Ndugu aliyechanga anaingia kwa kadi yake na hahesabiwi kwenye hizo 40. Tunaomba majina kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Nafasi ambayo haitakuwa na jina itapewa upande wenye uhitaji.”

Sentensi ya ndugu aliyechanga ndiyo inayopoza wengi. Mara nyingi baadhi ya walio kwenye orodha inayogombaniwa ni watu ambao tayari wana kadi mkononi.

Ratiba ina ugumu wake, maana dakika hazionekani kama viti. Upande mmoja unataka kila mjomba atajwe jina, mwingine unataka ngoma ya kwao, na ukumbi unafungwa saa 6 usiku. Hapa kamati iwape wasemaji wawili, mmoja kila upande, dakika 10 kila mmoja za utambulisho. Ndugu wasimame kwa makundi. Ngoma ipigwe wakati ndugu wanapeleka zawadi, muda ambao hata hivyo ungejazwa na muziki wa didjei. Mshereheshaji apewe ratiba hiyo kwa maandishi, la sivyo mjomba mwenye sauti kubwa ataipanga upya palepale ukumbini.

Kabla ya ujumbe kuingia kwenye kundi la watu 100, mwenyekiti awapigie simu wazazi wa pande zote jioni ileile. Mzee akiyasoma kwanza mbele ya watoto wake, hata hesabu sahihi ataiona dharau. Mwishoni iandikwe “Katibu, kwa niaba ya kamati”, na atakayepinga aelekezwe kwa mwenyekiti, asijibiwe kundini.