Dola Zinazopungua Njiani

Tuseme mtunza hesabu wa Nakuru, anayemfanyia kazi mwenye duka huko Texas, ametuma ankara ya dola 800. Siku hiyo dola moja sokoni ni shilingi 129, kwa hiyo anatarajia 103,200. Kwenye simu zinaingia 100,000 kamili. Akitafuta ada kwenye risiti haioni, kwa sababu kampuni ya malipo imechukua chake kwenye kiwango: imenunua dola zake kwa 125. Kwa hiyo usiridhike na tangazo la "bila makato". Gawa shilingi ulizopata kwa dola ulizotumiwa, halafu linganisha na kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya.

Njia ya pili ni kufungua akaunti ya dola benki na kutumiwa fedha moja kwa moja. Hapa kiwango huwa bora, tuseme 128, ila benki za katikati hukata ada isiyotegemea ukubwa wa fedha. Zikikata dola 25, zile 800 zinakuwa 775, yaani shilingi 99,200. Amepata hasara zaidi! Lakini akikubaliana na mteja alipe miezi miwili pamoja, 1,575 zinazobaki zinampa 201,600, wakati ile kampuni ingempa 200,000. Mteja akichagua OUR badala ya SHA kwenye fomu ya benki, ada za njiani anazibeba yeye.

Kungoja miezi miwili kunataka mteja unayemjua. Kwa mgeni, ni heri ukatwe kuliko udhulumiwe. Kwenye Upwork, kwa kazi ya bei maalumu, usianze mpaka uone fedha za hatua hiyo zimeshawekwa amana. Ukishawasilisha kazi na mteja akanyamaza siku 14, zinaachiliwa zenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi walilisahau. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa takriban 129. Aliyepanga kodi ya nyumba na mkopo kwa hesabu ya 160 alipunguziwa mshahara bila mteja kupunguza hata senti. Panga matumizi kwa kiwango cha chini kuliko cha leo, na ziada uipeleke mahali.

Mimi ningeanza na hati fungani za serikali. Unajisajili kwenye DhowCSD ya Benki Kuu, na kwa shilingi 50,000 unaingia. Riba huja kila miezi sita, ikiwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, au 10 kwa hati za miaka 10 na zaidi. Za miundombinu zimekuwa zikisamehewa. Ukitaka kuuza kabla ya muda, bei ya soko inaweza kuwa chini ya ulichonunulia. Karo ya Januari usiiweke humo.