Kwa nini mkataba wa duka lako ni wa miaka mitano na miezi mitatu?

Ukipanga duka katika jengo kubwa Nairobi au Mombasa, kuna uwezekano mkubwa wakili wa landlodi atakuletea mkataba wa miaka sita, au wa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ya ziada haikuwekwa kwa bahati. Ndiyo inayoamua ni sheria gani itatawala kodi yako, ukarabati wako na nafasi yako ya kuondoka mapema.

Sheria yenyewe ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Neno "duka" humo lina upana: saluni na karakana ya kutoza huduma zinaingia. Sheria hii humlinda mpangaji ambaye makubaliano yake ni ya mdomo tu, au ambaye mkataba wake wa maandishi hauzidi miaka 5. Inamlinda pia mwenye mkataba mrefu zaidi, iwapo mna kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 ya mwanzo kwa sababu isiyokuwa kosa la mpangaji. Upangaji wa namna hiyo huitwa upangaji unaodhibitiwa. Pango ambalo serikali ni mhusika halimo.

Tuanze na kodi. Tuseme mama mmoja anauza leso mjini Mombasa, hana mkataba wa maandishi, na analipa shilingi 45,000 kwa mwezi. Tarehe 20 anapata ujumbe wa simu kutoka kwa landlodi: "Mama, kuanzia mwezi ujao kodi ni 55,000." Ujumbe huo haumbani kisheria. Kwa upangaji unaodhibitiwa, landlodi anayetaka kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, aeleze sababu zake, na notisi isianze kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Notisi hiyo pia inamtaka mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama anakubali au hakubali.

Asipokubali, apeleke shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe iliyotajwa katika notisi. Hapa ndipo wengi hupotezea haki yao. Wanabishana na landlodi kwa simu, wanalipa kodi ya zamani, wanadhani mambo yametulia, kumbe tarehe imepita na notisi imeshika. Wakifika barazani kwa wakati, kodi hupimwa kwa bei ya soko: duka kama hilo, katika hali hiyo, lingepangishwa kwa kiasi gani? Katika hesabu hiyo huachwa nje sifa ambayo mpangaji mwenyewe ameijengea biashara yake, pamoja na maboresho aliyoyafanya. Kwa hiyo usikubali kupandishiwa kodi kwa sababu ya kabati na dari ulizoweka kwa fedha zako.

Mwenye mkataba wa miaka 6 usio na kifungu cha kuvunja hana ngazi hiyo ya kupanda. Kwake kodi ni ile iliyoandikwa, na inafaa aikokotoe kabla ya kutia saini. Chukua kodi ya 60,000 kwa mwezi. Landlodi anatoa chaguo mbili: nyongeza ya asilimia 10 kila baada ya miaka 2, au asilimia 5 kila mwaka. Kwa sikio ni kitu kimoja. Kwa chaguo la kwanza utalipa 60,000 miaka 2, kisha 66,000 miaka 2, kisha 72,600 miaka 2; jumla ni 4,766,400. Kwa la pili kodi hupanda mwaka kwa mwaka juu ya kiasi kilichokwisha kupanda, hadi kufikia karibu 76,577 mwaka wa 6, na jumla inakuwa takriban 4,897,000. Tofauti ni kama 131,000, zaidi ya kodi ya miezi 2 ya mwanzo. Angalia pia maneno "kiasi kilicho kikubwa zaidi kati ya asilimia hiyo na bei ya soko". Maneno hayo yanaifanya asilimia kuwa sakafu tu, bila dari.

Sasa ukarabati. Ukipanga sehemu tu ya jengo, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhesabu landlodi kuwa ameahidi kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja. Mpangaji naye hutunza sehemu yake katika hali ya kuridhisha, kwa kuzingatia ilivyokuwa alipoingia. Tatizo ni kwamba paa lililotolewa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa nyuma, ndani ya ada ya huduma. Uliza ada hiyo inalipia nini hasa, na uombe kazi kubwa kama kubadilisha paa au lifti itajwe kuwa haimo. Katika kifungu chako cha ukarabati, hakikisha kuna maneno "isipokuwa uchakavu wa kawaida". Kisha siku ya kupokea ufunguo, piga picha za kila ufa, kila vigae vilivyovunjika na kila doa la maji darini, mziambatishe kwenye mkataba na nyote mtie saini. Bila hizo, ufa uliokuta utadaiwa kuwa wako, na deposi yako ndiyo itakayouziba.

Kama upangaji wako unadhibitiwa na landlodi amekataa kurekebisha kilicho wajibu wake, Baraza lina uwezo wa kukuruhusu ukarabati mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi. Lakini pata amri kwanza. Anayekata kabla ya amri huonekana ana deni la kodi, na deni ni sababu ya kumfukuza.

Limebaki la kuondoka mapema. Ukiomba kifungu cha kuvunja mkataba mwaka wa 3, landlodi mwenye wakili atakataa, maana kifungu hicho kinautia mkataba wote chini ya Sura ya 301. Atakachokubali, pengine, ni kuvunja baada ya mwaka wa 5, au haki ya kumwachia mpangaji mwingine duka kwa kibali chake. Ukipewa haki ya kuvunja, soma masharti yake. Sharti la kulipa kodi yote na kutoa notisi ya miezi 3 ni la haki. Sharti kwamba uwe "umetimiza wajibu wako wote" ni mtego, kwa kuwa bomba moja linalovuja linaweza kuifuta notisi yako, nawe ukabaki kudaiwa kodi ya miezi yote iliyosalia.

Kwa hiyo soma muda wa mkataba kwanza, ndipo usome kodi. Kwa biashara changa ambayo hujui kama itafika mwaka wa 3, mkataba wa miaka 5 au pungufu unakufaa zaidi kuliko punguzo dogo la kodi katika mkataba wa miaka 6. Na usidanganyike na kifungu kinachosema umeikana Sura ya 301: pale ambapo upangaji unadhibitiwa, sheria yenyewe inakitangaza kuwa batili.