Alama Zikilingana, Kanuni Ndiyo Humtaja Bingwa: Tofauti ya Mabao na Matokeo ya Wenyewe kwa Wenyewe

Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2023/24 ilipofikia tamati Mei 28, 2024, ubingwa haukuwa na utata. Yanga ilikuwa imekusanya alama 80 na hakuna aliyeikaribia. Mvutano ulikuwa katika nafasi ya pili. Azam na Simba zote zilimaliza zikiwa na alama 69, na nafasi hiyo ilibeba tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakati nafasi ya tatu ilielekea Kombe la Shirikisho Afrika.

Azam ndiyo iliyopewa nafasi ya pili, kwa kuwa tofauti yake ya mabao ilikuwa kubwa kuliko ya Simba. Hata hivyo, timu hizo mbili zilipokutana msimu huo, Azam haikupata ushindi hata mara moja. Februari 9, 2024 zilitoka sare ya bao 1-1 jijini Mwanza, na Mei 9, 2024 Simba ilishinda mabao 3-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kwa hesabu ya mechi hizo mbili pekee, Simba ilikuwa na alama nne na Azam ilikuwa na alama moja.

Matokeo hayo hayakuwa na kasoro yoyote ya kikanuni. Yanaonesha tu kwamba pale alama zinapolingana, msimamo hutegemea swali ambalo kanuni za ligi zimechagua kuliuliza kwanza.

Njia mbili za kutenganisha timu

Njia ya kwanza ni tofauti ya mabao. Huchukuliwa mabao yote ambayo timu imefunga msimu mzima, kisha hutolewa mabao yote iliyofungwa. Timu iliyofunga mabao 60 na kufungwa 25 ina tofauti ya mabao 35. Ikiwa tofauti hizo nazo zinalingana, ligi nyingi zinazotumia njia hii hutazama timu iliyofunga mabao mengi zaidi.

Njia ya pili ni matokeo ya timu husika zilipokutana wenyewe kwa wenyewe. Hapa mechi dhidi ya timu nyingine zote huwekwa kando. Huhesabiwa kwanza alama ambazo timu zilizolingana zimepata katika mechi baina yao, na alama hizo zikilingana, hutazamwa tofauti ya mabao katika mechi hizo hizo. Tofauti ya mabao ya msimu mzima husubiri zamu yake hadi vigezo hivyo vishindwe kutoa jibu.

Ligi Kuu ya Uingereza huanza na njia ya kwanza. Ligi Kuu ya Hispania huanza na njia ya pili. Kila moja ya nchi hizo imewahi kumpata bingwa kwa namna inayoeleza vizuri nguvu ya kanuni yake.

Hispania 2006/07: mabao 19 yasiyokuwa na kazi

Msimu wa 2006/07, Real Madrid na Barcelona zilimaliza mechi 38 zikiwa na alama 76 kila moja. Barcelona ilikuwa imefunga mabao 78 na kufungwa 33, hivyo tofauti yake ilikuwa mabao 45. Real Madrid ilikuwa imefunga mabao 66 na kufungwa 40, ikiwa na tofauti ya mabao 26. Pengo baina yao lilikuwa mabao 19, na lote lilikuwa upande wa Barcelona. Bingwa alikuwa Real Madrid.

Sababu ilipatikana katika mechi mbili. Oktoba 2006, Real Madrid ilishinda nyumbani mabao 2-0. Machi 2007, timu hizo zilirudiana Barcelona na kutoka sare ya mabao 3-3, siku ambayo Lionel Messi alifunga mabao matatu ya timu yake. Real Madrid ikawa na alama nne katika mechi hizo na Barcelona alama moja, sawasawa na hesabu ya Simba na Azam miaka 17 baadaye. Tofauti ni kwamba Hispania hesabu hiyo ndiyo hutangulia.

Tangu jioni ile ya Machi, kila upande ulijua unachohitaji. Real Madrid ilitosheka na kulingana kwa alama, ilhali Barcelona ililazimika kumzidi mpinzani wake kwa alama moja kamili au zaidi. Ndiyo maana mzunguko wa 37, uliochezwa Juni 9, 2007, ulikuwa na uzito mkubwa. Timu zote mbili ziliingia zikiwa na alama 72. Dakika za mwisho zilipowadia, Barcelona ilikuwa ikiongoza mabao 2-1 dhidi ya Espanyol, na Real Madrid ilikuwa nyuma kwa mabao 2-1 ugenini mbele ya Zaragoza. Kisha Ruud van Nistelrooy akaisawazishia Real Madrid, na muda mfupi tu baadaye Raúl Tamudo akaisawazishia Espanyol. Timu zote zikafikisha alama 73, na faida ya Real Madrid ikabaki mahali pake.

Siku ya mwisho, Juni 17, Barcelona ilishinda mabao 5-1 ugenini dhidi ya Gimnàstic. Katika ligi inayoanza na tofauti ya mabao, kipigo cha namna hiyo kingeongeza hazina. Hapa hakikuwa na faida zaidi ya ushindi wa bao 1-0, maana kilichotakiwa ni Real Madrid kupoteza alama. Kwa muda ilionekana hivyo, kwani Mallorca ilitangulia kupata bao jijini Madrid, lakini Real Madrid ikageuza matokeo na kushinda 3-1. Alama zikalingana, na mechi za Oktoba na Machi zikatoa jibu.

Uingereza 2011/12: bao linalohesabiwa mara mbili

Miaka mitano baadaye, Manchester City na Manchester United zilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza zikiwa na alama 89 kila moja. City ilikuwa na mabao 93 ya kufunga na 29 ya kufungwa, sawa na tofauti ya mabao 64. United ilikuwa na 89 ya kufunga na 33 ya kufungwa, sawa na tofauti ya mabao 56. City ikatwaa ubingwa kwa mabao manane.

Wengi hulikumbuka bao la Sergio Agüero la dakika za nyongeza dhidi ya Queens Park Rangers, Mei 13, 2012. Bao hilo lilileta alama tatu zilizoifanya City ilingane na United. Lakini mabao manane ya ziada yalitafutwa mapema, na sehemu kubwa yake ilipatikana Oktoba 23, 2011, City ilipoifunga United mabao 6-1 katika Uwanja wa Old Trafford.

Mechi baina ya wawania ubingwa ina hesabu yake ya pekee. Timu ikimfunga mtu mwingine mabao 6-1, tofauti yake hupanda kwa mabao matano na mpinzani wake wa ubingwa haguswi. Ikimfunga mpinzani huyo mwenyewe, yake hupanda kwa matano na ya mpinzani hushuka kwa matano. Pengo baina yao hubadilika kwa mabao 10 ndani ya dakika 90.

Chukua mfano kwamba City ingeshinda siku ile kwa bao 1-0 badala ya 6-1, na mechi nyingine zote zikabaki kama zilivyokuwa. Alama zisingebadilika. Mabao ya kufunga ya City yangepungua kwa matano hadi 88, na ya kufungwa yangepungua kwa moja hadi 28. United ingekosa bao lake moja na kubaki na 88, na mabao iliyofungwa yangepungua kwa matano hadi 28. Timu zote mbili zingemaliza zikiwa na alama 89, mabao 88 ya kufunga na 28 ya kufungwa. Tofauti ya mabao isingeweza kuzitenganisha, wala idadi ya mabao ya kufunga.

Mabao ya mwisho ya mechi ile yalifungwa wakati mshindi alikwisha kujulikana. Ligi inayotumia tofauti ya mabao haina bao la ziada, na timu inayopunguza kasi ikiwa mbele, au inayoacha kulinda lango ikiwa nyuma, inaweza kuilipia gharama hiyo miezi saba baadaye.

Kila njia na mipaka yake

Tofauti ya mabao hupima kazi ya msimu mzima, na huzuia mechi mbili kufuta nyingine 36. Udhaifu wake ni kwamba ushindi mnono dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa una thamani sawa na ushindi mnono dhidi ya timu bora. Matokeo ya wenyewe kwa wenyewe huondoa udhaifu huo, lakini huweza kuipuuza timu iliyofanya vizuri zaidi kwa ujumla, kama Barcelona ya mwaka 2007. Aidha, njia hiyo huweza kuamua jambo mapema mno.

Mfano wa hilo uko karibu. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2023/24, ambako mechi za wenyewe kwa wenyewe hutangulia, Simba ilifungwa 1-0 na Wydad nchini Morocco na kushinda 2-0 Dar es Salaam, mechi zote zikichezwa Desemba 2023. Timu hizo zilipomaliza kundi zikiwa na alama tisa kila moja, Machi 2, 2024, Simba ilifuzu robo fainali. Ushindi wake wa mabao 6-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy siku hiyo ulihitajika kwa ajili ya alama tatu. Wingi wa mabao haukuwa na kazi.

Hivyo, katika msimu mmoja, Simba ilicheza chini ya kanuni mbili tofauti. Barani Afrika ilihesabiwa kwa mechi zake na Wydad, na nyumbani ilipimwa kwa mabao ya ligi nzima.

Namna ya kusoma msimamo

Kwa mwananchi anayefuatilia msimamo katika mizunguko ya mwisho, jambo la kwanza ni kutazama kanuni za mashindano husika, kwa kuwa kanuni za ligi moja hazihamishiki kwenda nyingine. Jambo la pili ni kujua kama timu zinazokaribiana zimekwisha kukutana mara zote mbili. Nchini Hispania, kwa mfano, kigezo cha wenyewe kwa wenyewe hakitumiki hadi mechi zote baina ya timu hizo zimalizike, na msimamo wa katikati ya msimu hupangwa kwa tofauti ya mabao. Timu inayoonekana juu mwezi Januari inaweza kushuka nafasi moja baada ya mechi ya marudiano, hata kama alama hazijapishana.

Jambo la tatu ni idadi ya timu zilizolingana. Zikiwa tatu au zaidi, kigezo cha wenyewe kwa wenyewe hutengeneza msimamo mdogo wa timu hizo pekee, na timu iliyomshinda mmoja wa wapinzani wake inaweza kuangushwa na matokeo yake dhidi ya mwingine. Anayepiga hesabu kwa timu mbili wakati zilizolingana ni tatu atamtaja bingwa asiye bingwa.