Ikisiri ya Kitabibu kwa Sentensi Tatu

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, na kufanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Ikisiri yake haijazi hata ukurasa mmoja, lakini imesheheni: usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, kila sehemu ikiwa na takwimu zilizobanana. Mwandishi wa afya mwenye haraka husoma kichwa cha habari, akaruka hadi hitimisho, kisha akaandika kwamba dripu inaua watoto wa Afrika. Sentensi hiyo ni ya uongo, na kosa lake linaonekana ndani ya ikisiri yenyewe, kwa kuwa katika sehemu ya mbinu watafiti wameeleza kwamba watoto wote, pamoja na wale wa kundi la kulinganishia, walipewa maji ya kawaida ya mshipani na dawa za kupambana na maambukizi. Wote walitundikiwa dripu. Kilichotofautisha makundi ni kitu kimoja tu: wengine waliongezewa, mara walipolazwa, maji mengi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, na wengine hawakuongezewa. Kitu hicho watafiti wanakiita "fluid bolus".

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Katika muhtasari wa Kiswahili wa sentensi tatu, istilahi ya Kiingereza hubaki pale tu inapobeba mpaka wa matokeo, yaani pale ambapo kuiweka kwa neno la kawaida kungepanua au kungebadili kile kilichopimwa. Neno "dripu" ni pana mno, linachukua maji ya aina zote na kwa kasi zote. Kwa hiyo "fluid bolus" inabaki. Vivyo hivyo kwa "impaired perfusion". Tunaweza kusema kwamba damu haifiki vizuri mwilini, na ni lazima tuseme hivyo ili msomaji aelewe, ila watafiti walikuwa na vigezo vyao vya kuamua nani anaingia, kama vile mapigo dhaifu ya mkononi au ngozi kuchelewa kurudia rangi yake baada ya kubonyezwa. Istilahi ndiyo anwani ya vigezo hivyo, na anayetaka kuvifuata ataiandika jinsi ilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubMed. Maneno mengine yote hayana sababu ya kubaki katika Kiingereza. Vifo ni vifo, maji ya chumvi ni maji ya chumvi, na kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu kunaeleweka bila msaada wa lugha nyingine.

Takwimu zinataka uangalifu wa namna yake. Ndani ya saa 48, watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini kwa haraka walifariki, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa nyongeza hiyo. Ikisiri inaendelea kueleza kwamba hatari ilikuwa mara 1.45, na hapo mwandishi hushawishika kuandika kwamba vifo viliongezeka kwa asilimia 45. Hesabu hiyo si makosa, lakini msomaji asiyejua idadi ya mwanzo hana njia ya kujua kama ni asilimia 45 ya vifo vingi au ya vifo vichache. Afadhali aambiwe kwamba kati ya kila watoto 1,000, walifariki takriban 105 upande mmoja na 73 upande wa pili. Tofauti ya watoto 32 anaweza kuipima mwenyewe. Kuna pia mtego wa kauli ya hitimisho kwamba vifo viliongezeka kwa kiwango cha kitakwimu. Hiyo ina maana kwamba tofauti haielekei kuwa ya bahati tu. Haina maana kwamba vifo viliongezeka mno. Kwa upande mwingine kitenzi "kuongeza" chenyewe ni halali hapa, kwa sababu watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Kama watafiti wangekuwa wanatazama tu kumbukumbu za wagonjwa, tungelazimika kuandika kwamba fluid bolus na vifo vilionekana pamoja, basi.

Kwa misingi hiyo, muhtasari wangu ni huu. "Katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, watoto 3,141 waliokuwa na ugonjwa mkali wenye homa na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini, yaani impaired perfusion, waligawanywa kwa bahati nasibu ili baadhi waongezewe maji mengi ya mshipani kwa haraka, yaani fluid bolus, na wengine wasiongezewe, huku wote wakipata dripu ya kawaida na dawa. Ndani ya saa 48 walifariki takriban watoto 105 kati ya kila 1,000 waliopewa fluid bolus, iwe ya albumini au ya maji ya chumvi, na 73 kati ya kila 1,000 ambao hawakupewa. Matokeo haya yametoka katika hospitali zenye vifaa vichache, na hayawahusu watoto wenye utapiamlo au ugonjwa wa kuhara, kwa kuwa hao hawakuingizwa katika utafiti."

Sentensi ya tatu ndiyo ambayo wahariri huifuta kwanza nafasi inapobana, nami naitetea kuliko zote. Mtoto anayeharisha hadi kuishiwa maji kabisa hutibiwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa mililita 100 za maji ya mshipani kwa kila kilo ndani ya saa chache, na sehemu ya hizo huingizwa upesi sana mwanzoni. Mzazi aliyesoma sentensi mbili za kwanza peke yake anaweza kukataa tiba hiyo. Katika ikisiri, habari ya walioachwa nje ni kifungu kifupi katikati ya mbinu, mahali ambapo jicho hupita bila kusimama.

Wapo watakaosema kwamba kubakiza istilahi za Kiingereza ni kukidharau Kiswahili, na kwamba kunamfungia mlango asiyesoma Kiingereza. Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na lina kipimo chake: funika kila istilahi ya Kiingereza kwa kidole, usome tena. Ukiondoa "impaired perfusion" na "fluid bolus" katika sentensi ya kwanza, maelezo ya Kiswahili yaliyotangulia yanabaki yamekamilika. Istilahi isiyopita kipimo hicho bado haijafafanuliwa. Kuhusu heshima ya lugha, siku wauguzi na madaktari watakapokubaliana juu ya neno moja la Kiswahili lenye mipaka ileile, litumike mara moja. Wengine watalalamika kwamba sentensi tatu zinaacha mengi, na ni kweli: nimeacha vifo vya wiki nne, madhara ya ubongo, hata habari kwamba kamati ya usalama ilishauri usajili usimame kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa. Yote hayo hayaigeuzi picha. Walioachwa nje ya utafiti wanaigeuza.

Kwa hiyo ukikutana na muhtasari wa utafiti wa tiba usiosema nani hakuhusishwa, usiufanyie kazi wala usimtumie mwenzako. Ifungue ikisiri yenyewe, na uanze kuisoma katika sehemu ya mbinu.