Kigezo cha Kura

Orodha iliyokwisha kupangwa ingetarajiwa kuwa kazi nyepesi kwa kompyuta inayotakiwa kuipanga. Kwa mbinu ya upangaji wa haraka, aliyoichapisha Mwingereza Tony Hoare mwaka 1961, orodha hiyo yaweza kuwa balaa.

Mbinu yenyewe ni fupi. Namba moja huteuliwa kuwa kigezo, nyingine zote hulinganishwa nayo: ndogo zinakwenda kushoto, kubwa kulia. Kigezo kimeshapata mahali pake, na kila upande unafanyiwa vivyo hivyo.

Sasa tuseme kigezo ni namba ya kwanza daima, na orodha ni 1 hadi 8, kwa mfuatano. Namba 1 inalinganishwa na saba zilizobaki, na zote zinakwenda kulia. Kisha 2 inalinganishwa na sita, 3 na tano, hadi mwisho: jumla mara 28. Kila duru imeondoa namba moja tu. Kwa namba 8 si neno, lakini zikiwa milioni moja, ulinganisho unakaribia bilioni 500. Kompyuta inayolinganisha mara milioni 100 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa moja na dakika 20. Na orodha za namna hii zimejaa maofisini, tena mtu mwenye nia mbaya akijua kigezo kinavyoteuliwa anaweza kuitunga makusudi.

Dawa ni kupiga kura. Katika lugha ya Python inatosha mistari miwili kabla ya kugawa:

```python
k = random.randint(a, b)
x[a], x[k] = x[k], x[a]
```

Kura haihitaji kuangukia katikati kabisa. Nusu ya namba zote zimo katika eneo la kati, mbali na ncha mbili, na kigezo kikitoka humo hakuna upande utakaobaki na zaidi ya robo tatu ya orodha. Kwa hiyo karibu kila kura ya pili ni nzuri, na kura nzuri zipatazo 50 zinatosha kuishusha milioni hadi moja. Kwa wastani ulinganisho wote ni kama milioni 25, yaani robo sekunde kwa kompyuta ileile.

Wastani huo ni wa kura, si wa orodha, na hapo ndipo penye ulinzi. Mfululizo wa kura mbaya bado unawezekana, ila adui hawezi kuupanga, maana hajui kura itaangukia wapi. Akiweza kuibashiri, kinga imekwisha.

Kuna kasoro moja ambayo kura haiitibu: namba zote zikiwa sawa, na zinazolingana na kigezo zikitupwa upande mmoja, ubaya unarudi uleule. Hapo gawa mafungu matatu, yaani ndogo, sawa na kubwa, na fungu la kati lisiguswe tena.